Cheki ya maneno kwenye posti za afya

"Tushaweka orodha ya maneno yaliyokatazwa, posti ikipita si ndo iko salama?"

Hapana jamani. Mkiweka "inatibu", mashine inasaka herufi hizohizo tu, kwa hiyo "imenitibu kisukari" inapita mchana kweupe. Wekeni mzizi kwa regex, ambapo | ni "au" na [aey] ni herufi moja yoyote kati ya hizo:

```
tibu|pon[aey]
```

Hapo inanasa hadi "utapona", ila itanasa pia "kunywa taratibu" na "chai hii haitibu kisukari", ambayo ni onyo zuri kabisa, ndo maana posti iliyonaswa iende kwa mtu aisome, isifutwe yenyewe. Sasa "dawa za sukari utazisahau" haina neno hata moja la kwenye orodha, yani hiyo ndo inanitisha zaidi, mgonjwa anaacha dawa kweli! Na maandishi yaliyo ndani ya picha cheki hii haiyaoni, anayeidhinisha aifungue picha mwenyewe.