"Nimekununua": deni ambalo mfanyakazi wa ndani hadaiwi

Mama mmoja wa Makorora alifika ofisini kwetu hapa Tanga, simu ameishika mkononi. Akatuwekea sauti aliyotumiwa na bintiye WhatsApp kutoka Muscat. Binti ananong'ona, nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma: "Mama, nimesema nataka kurudi. Bosi anasema amenilipia ofisi, kwa hiyo ameninunua. Nimrudishie pesa yake ndipo anipe pasi." Mama alikuja kutuuliza wapi pa kukopa. Shamba la Pongwe alikuwa tayari ameshalitafutia mnunuzi.

Tulimwambia asiuze kitu. Bosi wa Uarabuni huilipa ofisi ya wakala kwa ajili ya viza, tiketi na faida ya wakala. Hayo ni makubaliano yao wawili. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala asimtoze mfanyakazi gharama za kutafutiwa kazi. Na pale mtu anaponyang'anywa pasi, mshahara ukazuiwa na deni likatumika kumfunga asiondoke, shirika hilohilo linazihesabu hizo kuwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Neno "kununua" linatisha kwa sababu linasemwa ndani ya nyumba, kwa mtu asiye na wa kumuuliza.

Baada ya hapo tulikaa na mama tukapiga hesabu. Mkataba ulisema riyali 80 kwa mwezi. Kwa miezi saba binti alipewa 60, na miezi mitatu ya mwisho hakupewa kitu. Pungufu ya 20 kwa miezi saba ni 140. Miezi mitatu kwa 80 ni 240. Jumla riyali 380, karibu dola 988 za Marekani. Yaani anayedai ni binti.

Shida ni ushahidi, na hapo ndipo kesi nyingi zinapotufia. Mshahara wa mkononi hauna risiti. Tulimwelekeza binti aandike kila mwezi tarehe na kiasi alichopokea, apige picha daftari, kisha amtumie mama sauti akisema hivyohivyo. Simu ya ndani ya nyumba hunyang'anywa wakati wowote, kwa hiyo kumbukumbu ikae Tanga. Pia mama awe na picha ya pasi, viza, kurasa zote za mkataba, jina na namba ya bosi, na ramani ya mahali nyumba ilipo. Angalieni mkataba wa Kiarabu hasa. Tumeshaona wa Kiswahili una siku ya mapumziko, wa Kiarabu hauna, na huko unaosomwa ni wa Kiarabu.

Kosa kubwa ni kutoka kimyakimya na kwenda kujificha kwa rafiki au kufanya vibarua. Bosi ataripoti kuwa mfanyakazi ametoroka, na hapo anayelalamika anageuka mtuhumiwa: anaweza kukamatwa, kurudishwa nyumbani, na madai yake ya mshahara yakafifia. Akitoka, siku hiyohiyo afike ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat, wizara ya kazi ya huko au polisi, na aseme kwa nini ametoka. Kama anapigwa au kuingiliwa kimwili asisubiri nyaraka wala daftari. Polisi wa Oman wanapatikana kwa 9999, na wa Falme za Kiarabu kwa 999.

Ubalozi unaweza kumwita bosi wazungumze, na kutoa hati ya dharura ya safari pasi ikikwama. Hauwezi kuvunja mlango wa mtu wala kufuta ripoti ya utoro kwa amri yake. Kisheria nako nchi hazilingani: Falme za Kiarabu zina sheria maalumu ya wafanyakazi wa majumbani ya mwaka 2022, inayotoa siku moja ya mapumziko kwa wiki na kumwachia mfanyakazi pasi yake. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 haiwagusi wafanyakazi hao. Wana kanuni zao pembeni. Usimwambie mwanao wa Muscat kitu ulichosikia kwa shoga yako wa Dubai.

Huku nyumbani, familia iandike kwa Wizara ya Mambo ya Nje, barua yenye zile nyaraka zote, maana barua isiyo na namba ya pasi wala anwani haifiki mbali. Wakala aliyemdanganya binti kuhusu kazi au mshahara anaweza kuripotiwa polisi hapahapa Tanga, kwa Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Mripoti hata kama ni jirani. Mara nyingi ni jirani. Asiye na uwezo wa wakili ana haki ya kuomba msaada wa kisheria bure chini ya sheria ya 2017.

Mama wa Makorora aliondoka na karatasi moja yenye hesabu ya riyali 380. Jioni alimpigia yule mnunuzi wa shamba kumwambia asije.