Anaharisha au Amefunga Choo? Dawa za Mzee Zinapoichanganya Familia

Malalamiko tunayopokea kwenye dirisha la dawa yanazidi kufanana: mzee hali, tumbo limejaa, na sasa anaharisha. Kisha tunaambiwa ameshanunuliwa dawa ya kuzuia kuhara. Kwa mzee aliyekaa siku nyingi bila haja kubwa, hilo linaweza kumfikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Chukua bibi wa miaka 78 anayeishi na mjukuu wake karibu na Bombo, Uganda. Alikuwa akimeza amlodipini ya presha. Kisha akaandikiwa amitriptilini, miligramu 25 kila usiku, kwa sababu ya miguu inayowaka. Baadaye akaongezewa vidonge vya madini ya chuma kwa upungufu wa damu. Kila dawa ilikuwa na sababu yake, ila amitriptilini hulegeza misuli ya utumbo na chuma hukausha choo. Siku ya tisa bila choo, bibi akaanza kuchafua nguo kwa majimaji machache yenye harufu kali, bila kujihisi. Mjukuu akanunua loperamidi ya kuzuia kuhara na kumpunguzia chakula. Bibi akakataa hata uji.

Ile haikuwa harisho. Choo kigumu kilikuwa kimeziba njia ya chini, na majimaji ya juu yalikuwa yakipenya pembeni. Loperamidi ikausimamisha kabisa utumbo ambao tayari ulikuwa umezubaa. Hamu ya kula nayo ilipotea kwa sababu hiyo hiyo, maana tumbo lililojaa halitaki kuongezewa. Ukiona majimaji machache yanayovuja baada ya siku kadhaa za ukavu, usinunue chochote. Mpeleke kituo cha afya. Muuguzi mwenye glavu na mafuta hugundua tatizo kwa dakika chache.

Bibi huyo alitolewa choo kile kwanza, akawekewa kidonge cha glisirini njia ya haja kubwa, kisha akaandikiwa bisakodili, dawa ya kuchochea choo, ya kumeza usiku. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, hivyo choo huja asubuhi. Asinywe maziwa wala dawa ya kiungulia karibu na muda huo, kwani ganda la kidonge huyeyuka mapema na tumbo likasokota. Daktari akapunguza amitriptilini, na chuma kikawa siku moja ndiyo, moja hapana. Mjukuu hakuamua hayo mwenyewe. Dawa ya presha au ya maumivu haikatizwi nyumbani kwa kubahatisha, tafadhali.

Kuna dhana nyingine inayotuchosha: kwamba maji ya sabuni yakipigwa kwa bomba njia ya haja kubwa husafisha tumbo. Sabuni huunguza utando wa utumbo. Wengine hushindilia mapapai na mboga ya dodo kwa mzee asiyekunywa maji. Nyuzinyuzi bila maji kwenye utumbo mzito huzidisha kifusi. Anza na maji, kikombe kidogo mara nyingi, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Uliza pia kwa nini hanywi. Mara nyingi choo cha shimo kiko mbali, magoti yanauma kuchuchumaa, na giza linamtisha, basi anajizuia kunywa. Kiti kilichotobolewa katikati, na ndoo chini yake, kinaweza kusaidia kuliko kidonge. Ikifika nusu saa tangu kifungua kinywa, mkalishe humo, wakati utumbo unapoamka, miguu ikiwa juu ya kigoda kifupi.

Chuma hugeuza choo kuwa cheusi, na hilo peke yake si hatari. Choo cheusi kinachong'ang'ania kama lami, chenye uvundo, ni damu ya tumboni, hasa kwa anayemeza dawa ya maumivu kama diklofenaki. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika tumbo lililovimba na kukaza, kutapika, kushindwa kutoa hewa, au kuchanganyikiwa ghafla.

Uendapo kituoni, beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo, na pakiti zake. Madhara ya dawa huripotiwa kwa mhudumu wa afya au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Taja umri na jinsia ya mgonjwa, jina la dawa na namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti, tarehe aliyoanza, tarehe tatizo lilipoonekana, dawa nyingine alizotumia, na hali yake sasa. Jina lake kamili halihitajiki. Duka la dawa lisilo la mfamasia haliruhusiwi kuuza dawa za cheti, amitriptilini ikiwa mojawapo, na muuzaji anayekiuka anaweza kushtakiwa chini ya sheria ya dawa ya mwaka 1993. Anayeripoti madhara hashtakiwi kwa kuripoti, hata kama dawa aliinunua mwenyewe.