Moyo mmoja, mahali panne pa kusikiliza

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 11 alisikilizwa kifuani mahali panne. Daktari akakaa sana chini ya titi la kushoto, akasogea hadi kwapani, huku amemshika shingo. Alikuwa anatafuta nini?

Vali nne za moyo, yaani milango inayopitisha damu upande mmoja tu, zimebanana nyuma ya mfupa wa kidari, na ukizisikiliza hapo juu yake sauti zinachanganyika. Lakini kila sauti hufuata damu inakoelekea, kwa hiyo tunaisubiri mbele ya safari. Vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, tunaisikiliza kulia kwa mfupa huo, kati ya ubavu wa pili na wa tatu, na ya mapafu mkabala wake upande wa kushoto. Ya trikuspidi, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia wa moyo, husikika chini zaidi, kushoto, ukingoni mwa mfupa. Mitrali, iliyo kati ya vyumba hivyo upande wa kushoto, husikika vizuri kwenye ncha ya moyo, kati ya ubavu wa tano na wa sita, ukishuka kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto.

Shingo ilikuwa saa yake. Pigo la kwanza la moyo ni mitrali na trikuspidi zikifunga, la pili ni aota na mapafu. Moyo wa mtoto ukienda mbio, mapigo hayo hayatofautishiki kirahisi, ila mshipa wa shingo hutuna mara tu baada ya lile la kwanza. Mvumo, yaani sauti ya damu ikipita kwa msukosuko, ukijaza nafasi kati ya la kwanza na la pili, tena ukaelekea kwapani, tunashuku mitrali inavujisha damu kurudi nyuma. Homa ya baridi yabisi ya moyo, inayofuata maambukizi ya koo, hupenda kuharibu vali hiyo kuliko nyingine.

Nani anaziamuru vali zifunge?

Hakuna. Zinasukumwa na damu, kama mlango na upepo. Kinachopangwa ni kukaza kwa vyumba. Umeme huanzia kwenye kituo kidogo katika chumba cha juu kulia, ukaenea vyumba vya juu, kisha ukacheleweshwa katikati kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde ili vimalizie kumimina damu. Ndipo unashuka hadi nchani, vyumba vya chini vinakaza, na mitrali inabamizwa.

Kipimo cha umeme wa moyo kimetoka safi. Mbona bado katumwa eko?

Kipimo hicho husoma umeme tu. Vali inaweza kuvuja na umeme ukabaki sawa. Eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, humwonyesha mpimaji vali yenyewe na kiasi kinachovuja, au kwamba ni ule mvumo usio na madhara ambao watoto wengi wanao. Ikithibitika ni baridi yabisi, atachomwa penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka. Sindano haitengenezi vali. Inazuia vijidudu vya koo visilete homa tena. Uvujaji ukiachwa, chumba cha juu kushoto hutanuka, umeme wake huvurugika, na mapigo huanza kwenda ovyo. Hapo ndipo kipimo kile kitakapoacha kuwa safi.