Ramani ya Dhana ya Sura ya Ukengeufu: Merton, Becker na Kokoro la Ziwani

Mwanachuo wa sosholojia hapa Mwanza akiambiwa achore ramani ya dhana, yaani mchoro unaoonyesha dhana na uhusiano wake, ya sura ya kitabu kuhusu ukengeufu, yaani kuvunja kanuni za jamii, mara nyingi huleta karatasi yenye visanduku vingi: juu "ukengeufu", chini yake majina ya wanasosholojia "Durkheim", "Merton" na "Becker", na pembeni "uvuvi haramu". Mishale imevipita visanduku vyote, lakini hakuna mshale wenye neno. Msomaji hawezi kujua kama Merton anaeleza uvuvi haramu, anaupinga, au ametajwa tu kwa kuwa yumo kwenye sura.

Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walioianzisha mbinu hii miaka ya 1970, walitaka kila mstari uwe na maneno viungo, ili dhana mbili na maneno yaliyo kati yake zisomeke kama sentensi kamili. Sentensi inaweza kuwa kweli au uongo, kwa hiyo inaweza kusahihishwa. Walitaka pia ramani ianze na swali. Tuchukue hili: kwa nini mvuvi atumie kokoro ilhali anajua limekatazwa? "Uvuvi haramu" ni mpana mno kuwa mfano. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni na kuzoa samaki wachanga, ni mfano unaoshikika.

Merton, katika makala yake ya 1938, alisema jamii huwapa watu wote malengo yaleyale, hasa mafanikio ya mali, lakini njia halali za kuyafikia haziwafikii wote. Andika basi: "pengo kati ya malengo na njia — huleta — mkazo", kisha "mkazo — huweza kuzaa — ubunifu". Kwa Merton, mbunifu ni anayeshikilia lengo lakini akaacha njia halali. Chini ya neno hilo ndipo anapokaa kijana wa ufukweni anayetaka kujenga na kusomesha, hana mtaji wa mtumbwi, injini na nyavu zinazoruhusiwa, akaingia kwenye kokoro. Mwenzake aliyekata tamaa akaishia kwenye pombe anakaa kwingine, chini ya "kujitenga", maana ameacha lengo na njia vyote viwili. Mfano uunganishwe na neno hasa la nadharia, usiunganishwe na jina la mwananadharia. Mstari mrefu kutoka "Merton" moja kwa moja hadi "kokoro" huficha hoja yote.

Durkheim anahitaji mstari mmoja tu hapa: "anomia ya Durkheim — ilichukuliwa na kubadilishwa na — Merton". Kwa Durkheim, anomia ni kulegea kwa kanuni zinazowaongoza watu. Merton aliihamishia kwenye lile pengo.

Becker, katika kitabu chake cha 1963, aliuliza swali tofauti. Kwake tendo halina ukengeufu ndani yake; huwa ukengeufu watu wanapotumia kanuni na kumbandika mtu lebo. Wafikirie wavuvi wawili wenye kokoro la aina moja. Mmoja anakamatwa kwenye doria, wavu unateketezwa, na jina la "mvuvi haramu" linamfuata mpaka matajiri wenye mitumbwi wanakataa kumpa kazi. Wa pili hakamatwi, naye anaendelea kuheshimika kijijini. Becker angemwita huyu wa pili mkengeufu wa siri. Tendo ni moja, hadhi mbili.

Hapa ndipo penye mstari wa thamani kuliko yote, ule unaokatiza kutoka tawi moja hadi jingine: "lebo — hupunguza — njia halali". Aliyenyimwa kazi kwa sababu ya jina lake amesukumwa tena kwenye pengo la Merton, na huenda akarudi kwenye kokoro. Merton anaeleza alivyoanza, Becker anaeleza kwa nini ni vigumu kuacha. Ninaposahihisha, huutafuta mstari huu kwanza, kwa sababu hauwezi kunakiliwa kutoka kitabuni. Lazima mtu awe ameelewa nadharia zote mbili.

Kisha ijaribu ramani kwa mtu asiyeingia vizuri. Mvuvi aliyefundishwa kokoro na baba yake, katika kijiji ambako karibu wote wanalitumia, si mbunifu kwa maana ya Merton. Anafuata desturi ya wenzake. Ukimlazimisha chini ya "ubunifu", sentensi yako itakuwa ya uongo. Mfungulie tawi la Edwin Sutherland, aliyesema ukengeufu hujifunzwa katika maingiliano ya karibu na watu: "mbinu na sababu za kuvunja sheria — hujifunzwa kutoka kwa — watu wa karibu". Mstari mwingine ukatize kutoka hapo hadi kwa Becker, useme kwamba anayeliita kokoro ukengeufu ni serikali, wakati kijiji chenyewe hakijambandika mtu lebo yoyote.