Wito wa kujitolea maana yake nini, na kwa nini masaa lazima yatajwe

Wito wa kujitolea ni tangazo la kuita watu waje kufanya kazi ya jamii bila mshahara, hiyo kila mtu anajua. Ila ili uwe wito kweli lazima useme vitu viwili ambavyo wengi wanaviruka: masaa mangapi kwa wiki, na anayekuja anaondoka na nini. Bila hivyo unakuwa umeomba msaada tu, na watu watakuja siku ya kwanza kupiga picha halafu basi.

Shida nyingine ni kwamba neno lenyewe hapa Bongo limechakaa. Mtu akikwambia "najitolea pale shule fulani" mara nyingi anamaanisha kamaliza chuo, ajira hazijatoka, kwa hiyo anafundisha asubuhi mpaka mchana jumatatu mpaka ijumaa akiomba Mungu siku nafasi zikitoka naye awemo. Ile ni kazi kamili, imekosa mshahara tu. Halafu kuna msaragambo, mnaitwa wote kuchimba mtaro au kubeba mawe ya darasa, na sehemu nyingine asiyetokea anatozwa faini, sasa hapo kujitolea kuko wapi. Wito ninaousema mimi ni tofauti na vyote viwili: unaingia kwa kupenda, masaa ni machache na yanajulikana, na kazi ina tarehe ya kuisha.

Tuchukue kazi ya kuchora ramani ya mitaro maana hiyo nimeifanya. Kwa Dar siyo kitu kipya, Tandale ilichorwa 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe, halafu 2015 ikaanza Ramani Huria ambayo iliingia kata nyingi zinazofurika, wanafunzi na wakazi wanatembea mtaa kwa mtaa na ramani inaenda OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako yeyote anaiona bure. Sisi tulikuwa kikundi kidogo tu, mtaa mmoja, tunataka kujua mtaro upi umeziba na upi unaishia kwenye ukuta wa mtu.

Tangazo letu la kwanza liliandika "masaa mawili tu kwa wiki". Lile "tu" ndo lilituponza. Tulihesabu muda wa kupima peke yake, yaani watu wawili, futi kamba, simu, unapima upana na kina, unaandika ni wa zege au wa udongo, una taka au hauna, unapiga picha, unasogea. Hatukuhesabu watu. Mtaani kwetu ukimwona mtu kashika futi na anaandika kwenye simu unajua kinachofuata ni alama ya X nyekundu ukutani na bomoabomoa, kwa hiyo kila nyumba ya tatu unasimamishwa. "Shikamoo mama." "Marahaba, mmetumwa na nani nyie?" Hapo unatoa barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, unaeleza, anamwita mume wake, unaeleza tena, unaonyeshwa mpaka maji yalipofika mwaka ule na makochi yalivyoharibika, na kusema kweli ile alama ya maji ukutani ni data nzuri kuliko futi yako. Lakini ni dakika 20 zimeenda. Masaa mawili yakawa manne, wiki ya tatu wasap grupu ikawa kimya, tulikuwa kumi tukabaki wanne.

Kwa hiyo mara ya pili tulianza na kazi, siyo na kinachopendeza kwenye tangazo. Mitaro ilikuwa kama kilomita 12. Tulishaona wawili wakitoka jumamosi saa 1 asubuhi mpaka saa 4, kabla jua halijawa kali, wanamaliza kama mita 500, na salamu zote zikiwemo. Kilomita 12 ukigawa kwa nusu kilomita unapata safari 24. Tulitaka kumaliza ndani ya wiki 8, ila mbili tukaziacha kwa ajili ya mvua na misiba maana vitakuja tu, zikabaki 6, kwa hiyo kila jumamosi lazima zitoke jozi 4, yaani watu 8. Tukatafuta 12, kwa sababu watakaopungua huwezi kuwajua mapema. Ongeza saa moja jumatano jioni ya kukaa pamoja na kusafisha data (mtaro uliokatika katikati ya ramani, picha ya mtaro mwingine, vitu kama hivyo). Jumla masaa manne kwa wiki, na muda wa daladala tukauandika pembeni kwamba haumo, ili wa Mbagala ajipime mwenyewe.

Sasa kile anachopata. Hapa watu wanaandika "uzoefu na fursa", maneno ambayo hata tapeli anayaandika. Sema kitu ambacho mtu anaweza kukushika nacho shati. Sisi tuliandika hivi:

"Tunahitaji watu 12 kuchora mitaro ya mtaa wetu. Jumamosi saa 1 mpaka saa 4 asubuhi, jumatano saa 11 mpaka saa 12 jioni, wiki 8 halafu tunamaliza. Hakuna posho. Nauli ya jumamosi, bando na maji tunatoa sisi. Utafundishwa KoboCollect, app ya kukusanyia data kwa simu, na kuhariri OpenStreetMap, utakuwa na akaunti yako mwenyewe. Ukifika siku 10 kati ya 16 unapewa barua inayotaja ulichofanya na masaa yako. Hatuna ajira ya kukupa baadaye. Uwe na simu ya Android na viatu vya kufunika."

Ile akaunti watu wanaidharau wakati ndo faida kubwa kuliko barua. Kila unachochora OpenStreetMap kinabaki na jina la akaunti yako na tarehe, na kiko wazi, kwa hiyo kesho ukienda kuomba kazi ya mambo ya ramani unafungua ukurasa wako anaona mitaro yako mmoja mmoja. Ndo maana hatukukubali watu wote watume kwa akaunti moja ya kikundi, ingawa ingekuwa rahisi kusimamia. Barua nayo iwe na masaa, maana "alishiriki kikamilifu" haimwambii mwajiri chochote, lakini "masaa 26, alipima mitaro na kuhakiki data" inamwambia.

Na nauli siyo posho, lisemeni hilo mapema. Nauli inarudisha hela iliyomtoka mtu, posho ni malipo ya siku, ukiyachanganya wiki ya pili mtu anakuuliza mbona leo pungufu. Ukikuta tangazo linaita kujitolea lakini linadai hela ya fomu, kimbia. Na likikutaka kila siku kuanzia saa 2 mpaka saa 10 bila tarehe ya mwisho, hapo unatafutwa mfanyakazi wa bure, hata waandike nini.

Kwenye simu tulizopigiwa swali la kwanza karibu kwa wote lilikuwa "posho shingapi kaka?" Jibu lilikuwa lileile la kwenye tangazo, hakuna, nauli ipo. Wengine walikata hapohapo. Waliobaki waliuliza jumatano inaanza saa ngapi kamili, na hao ndo walioonekana jumamosi.