Kibali cha kuegesha mtaani London: CPZ ni nini, na mgeni wako anahitaji nini

Jumamosi moja shemeji alikuja kututembelea hapa mashariki ya London akitokea Reading. Alifika saa nne asubuhi, akapaki kwenye mstari mmoja wa njano, akashuka na kukagua nguzo za mbele na nyuma. "Shemeji, hapa hamna kibao," akasema, tukaingia ndani kunywa chai. Alipotoka saa nane alikuta bahasha ya plastiki imebandikwa kwenye kioo cha gari.

Kibao kilikuwepo. Alikipita akiwa anaendesha, mita mia tatu nyuma, pale mtaa unapoanza.

Hiyo ndiyo CPZ, yaani kanda ambayo halmashauri inadhibiti maegesho yake. Katika mtaa wa kawaida, mstari mmoja wa njano huwa na kibao chake karibu kinachotaja saa za katazo. Ndani ya CPZ halmashauri hailazimiki kuweka kibao kwenye kila mstari. Huweka kimoja kwenye kila mlango wa kanda, chenye lile duara la buluu lililokatwa kwa mstari mwekundu, maneno "Controlled ZONE" na saa, tuseme "Mon - Sat 8.30 am - 6.30 pm". Saa hizo zinatawala kila mstari mmoja wa njano usio na kibao chake, hadi unapotoka upande wa pili. Mistari miwili ya njano haina habari na kibao. Hapo ni marufuku saa zote. (Na kwa aliyetoka nyumbani juzi: hiyo 8.30 ni saa mbili na nusu asubuhi. Nimewahi kumwona mtu mzima akiisoma kama saa nane na nusu mchana.)

Mbali na njano, kanda ina nafasi zilizochorwa kwa mistari myeupe. Hizi zina vibao vyake, na ndizo zinazohusu kibali. Nyingine ni za wakazi tu, nyingine za kulipia, nyingine zinachanganya wote wawili. Kibali cha mkazi kinakuruhusu kutumia zile za wakazi na zile za mchanganyiko zenye herufi ya kanda yako. Hakikuruhusu kupaki kwenye njano, hata mbele ya mlango wako. Hakikuhakikishii nafasi pia: ukirudi kazini usiku ukakuta mtaa umejaa, utazunguka kama wengine. Herufi nayo ni ya kuangaliwa, maana mpaka wa kanda mbili unaweza kupita katikati ya barabara. Kibali cha B upande wa C ni sawa na kutokuwa nacho.

Kukiomba si kazi ngumu karatasi zikikubaliana. Unaingia kwenye tovuti ya halmashauri yako. Kama huna hakika ni ipi, GOV.UK itakupeleka ukiandika posikodi. Wanataka mambo mawili: kwamba unaishi kwenye anwani hiyo, na kwamba gari ni lako au uko nalo kihalali. La kwanza unalithibitisha kwa bili ya kodi ya halmashauri au mkataba wa kupanga. La pili kwa V5C, kadi ya gari ya huku, iliyo na jina lako na anwani hiyohiyo. Gari likiwa la kampuni, huomba barua ya mwajiri.

Hapo kwenye "anwani hiyohiyo" ndipo wengi wanapokwama. Mtu amehama kutoka Reading kwenda Ilford, kila kitu kakibadilisha isipokuwa V5C, kisha anashangaa ombi limekataliwa. Kubadilisha anwani kwenye V5C ni bure, ila kadi mpya huchukua siku kadhaa kufika, na katika siku hizo gari linalala wapi? Halmashauri nyingi zina kibali cha muda kwa ajili ya hali hiyo na kwa aliyenunua gari jana. Kiombe kabla hujahama.

Kuna kikwazo kingine ambacho dalali hakitaji. Baadhi ya majengo mapya yamepewa ruhusa ya ujenzi kwa sharti kwamba wakazi wake hawatapewa vibali vya mtaani. Mkataba wako ni halali na bili unayo, lakini anwani yenyewe imefungiwa. Kabla ya kusaini nyumba, andika posikodi na namba ya mlango kwenye ukurasa wa kuomba vibali, au piga simu halmashauri uulize anwani hiyo inastahili kibali.

Bei sitaitaja, kwa sababu kila halmashauri ina yake, na nyingi huipanga kwa moshi wa gari: la umeme hulipa kidogo, la dizeli mara nyingi huongezewa, na gari la pili la nyumba ni ghali zaidi. Ila haziwezi kujipangia bei kwa lengo la kujaza mfuko. Barnet ilipandisha kibali kutoka pauni 40 hadi 100, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 jaji akasema halmashauri haina mamlaka ya kupandisha bei hizo ili ipate ziada ya kugharimia mambo mengine ya usafiri.

Sasa mgeni. Yeye hawezi kujiombea. Vocha anatoa mwenyeji. Zamani zilikuwa kadi za kukwangua: unakwangua mwezi, tarehe na saa, unaiweka nyuma ya kioo. Siku hizi sehemu nyingi vocha iko kwenye akaunti yako. Unaingia, unaandika namba za gari la mgeni, unachagua muda, basi. Hakuna kinachobandikwa, mkaguzi anaingiza namba za gari kwenye mashine yake na kuona. Kwa hiyo ukiandika herufi O mahali pa sifuri, gari halina vocha. Mwombe mgeni akutumie picha ya namba zake, usizipokee kwa mdomo kwenye simu.

Tuirudie Jumamosi ya shemeji kama ilivyopaswa kwenda. Anapiga simu akiwa njiani, anatuma picha. Anapaki kwenye nafasi ya wakazi yenye herufi yetu. Kabla hajazima gari, mimi nawasha vocha kuanzia saa nne. Kama angekaa hadi usiku, ningelipia hadi saa kumi na mbili na nusu jioni tu, kwa kuwa baada ya hapo kanda imelala. Jumapili kwenye kanda yetu hakuna cha kulipa. Kwako angalia kibao, hasa ukiishi karibu na uwanja wa Wembley au wa Arsenal, ambako siku za mechi zina saa zake, na kibao kinasema hivyo.

Yeye alilipa pauni 80. Tangu Aprili 2025 kiwango cha juu cha faini hiyo London ni 160, na ukilipa ndani ya siku 14 ni nusu. Alitaka kupinga, akisema hapakuwa na kibao kando ya gari. Nikamtembeza hadi mwanzo wa mtaa, tukakikuta kimesimama wima, hakijafunikwa na tawi la mti. Kingekuwa kimeanguka au kimegeuzwa, ningempiga picha pamoja nacho na tungeandika barua jioni ileile.