Swali funge, swali wazi na swali dodosi

Swali funge ni lile ambalo muulizaji ameshachagua majibu yake: ndiyo au hapana, hiki au kile. Swali wazi humwachia anayejibu aanze anapotaka. Swali dodosi hushika neno moja katika jibu alilotoa na kulichimba.

Nilizitofautisha vizuri nikiwa mafunzoni kwa vitendo, kwenye shamba la viazi mviringo huko Isongole, Rungwe. Majani yalikuwa yameungua kwa ukungu. Nikamuuliza mama mwenye shamba, "Umepiga dawa?" Ndiyo. "Ulifuata kipimo?" Ndiyo. "Hukuchelewa?" Ndiyo.

Hiyo ndiyo ya tatu ina maana gani? Kwa Kiswahili, ndiyo baada ya swali la kukanusha huweza kuwa "ndiyo, sikuchelewa", au "ndiyo, nilichelewa". Mimi nikaandika kwamba dawa ni feki.

Bwana shamba niliyeongozana naye hakuridhika. Hakuuliza "Shamba linaendeleaje?" maana swali pana namna hiyo huku kwetu hujibiwa "Tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yakaishia hapo. Alisema, "Mama, hebu nisimulie mara ya mwisho mlivyopiga dawa." Hilo ni swali wazi, ila limefungwa kwenye tukio moja.

"Kijana wangu alipiga Jumamosi asubuhi. Mchana mvua ikashuka."

"Na kabla ya hiyo Jumamosi?"

"Kabla? Hatukuwa tumepiga. Tuliona madoa meusi, ndipo tukakimbilia dukani."

"Madoa yalikuwa yamefika wapi wakati huo?"

"Bondeni kote, mwanangu."

Maswali mawili ya mwisho ni dodosi. Yote yamezaliwa na maneno ya mama mwenyewe. Dawa ilikuwa mankozebu. Hiyo hukaa juu ya jani na kuuzuia ukungu usiingie. Ukishaingia haiuondoi, na mvua kubwa ikija mapema huiosha. Ufeki wa dawa, ambao mimi nilikuwa nimeshauandika kwa kalamu ya wino, haukuhitajika kueleza chochote.

Angalia pia kwamba hakusema "Kwa nini mlichelewa?" Kwa mtu mzima aliyepoteza mazao, "kwa nini" husikika kama lawama, naye atajitetea badala ya kusimulia. "Ilikuwaje" au "mlianzaje" hupata habari ileile bila kumweka kizimbani.

Swali funge halikutupwa. Lilikuja mwisho, kuhakiki: "Kwa hiyo, mama, dawa ilipigwa kabla ya madoa au baada?"

"Baada."

Nikaifuta ile feki.